Kadi Aliyoirudisha Baba Mkubwa: Uchambuzi wa Kisa cha Nyimbo za Ujana

Baba mkubwa wangu alizaliwa Kilosa mwaka 1958. Presha ya macho imemnyang'anya uoni, na sasa redio ndiyo inayoshinda naye kutwa. Mwanawe wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka, alimnunulia kiredio kinachosoma memori kadi, akaenda kwenye kibanda cha vijana wanaouza nyimbo, akajaziwa kadi nzima ya zilipendwa. Zilikuwa mamia ya nyimbo, zote za bendi zetu, zote za muziki wa dansi. Hazikupita siku nyingi mzee akaichomoa kadi mwenyewe, kwa kupapasa, akamrudishia.

"Nzuri mwanangu, sikatai," alimwambia. "Lakini si zangu."

Kaka aliumia. Alinipigia simu kwa kuwa mimi nafundisha saikolojia, na eneo langu ni kumbukumbu za maisha. "Huyu mzee kaanza kubadilika," aliniambia. "Si ndizo alizokuwa akizipiga nyumbani tukiwa wadogo?" Hofu yake ilikuwa kwamba akili ya baba imeanza kupotea. Nilipokwenda kukaa na mzee nilikuta akili yake iko timamu kabisa, ila kadi ndiyo iliyokosewa miaka. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lile lile hufanywa na watoto wengi wenye mapenzi mema kwa wazazi wao, na kwa sababu ndani yake limo karibu kila jambo muhimu linalojulikana kuhusu nyimbo za ujana na namna zinavyokaa ndani ya mtu.

Nianze na mpangilio wa maisha yake, maana bila huo hakuna kinachoeleweka. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akiwa na miaka 14. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni Tabora, akapanda treni ya reli ya kati peke yake kwa mara ya kwanza. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, akaja Dar es Salaam, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alioa mwaka 1983. Kaka alizaliwa 1984.

Tuliketi barazani, tukachukua nyimbo kama 40 hivi, nyingine kutoka kwenye ile kadi na nyingine nilizotafuta mwenyewe. Nilimpigia kila moja kwa muda mfupi, nusu dakika mpaka dakika moja, kisha nikaizima. Kila baada ya wimbo nilimuuliza mambo matatu kwa kuyatenganisha: unaujua? Unaupenda? Kuna kitu kimekujia? Swali la tatu nililiacha wazi makusudi. Ukimuuliza mtu "unakukumbusha nini?" atajitahidi kukutafutia jibu ili asikuvunje moyo, na hutajua tena lipi lilikuja lenyewe na lipi limetungwa.

Kutenganisha maswali hayo ndiko kulikofumbua fumbo. Nyimbo alizijua karibu zote, na nyingi alizipenda. Zilizomletea tukio, mahali, watu na harufu zilikuwa chache, chini ya nusu kwa mbali. Hilo lenyewe ni la kawaida. Petr Janata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kalifonia kilichoko Davis walipowapigia vijana vipande vifupi vya nyimbo zilizotamba wakati wao wakiwa watoto na vijana, ni takriban asilimia 30 tu ya nyimbo zilizoamsha kumbukumbu ya maisha. Wimbo unaweza kuujua neno kwa neno usikupeleke popote.

Sasa tazama ni zipi zilizompeleka.

Nilipopiga wimbo mmoja wa Morogoro Jazz, wa kipindi kile Mbaraka Mwinshehe bado yumo kwenye bendi hiyo, mzee alinyanyua mkono nisiseme kitu. Alisikiliza mpaka gitaa la solo likaingia. Kisha akaanza kusimulia kituo cha treni cha Kilosa, asubuhi ya safari ya kidato cha kwanza. Sanduku la bati lenye jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe, na rangi yenyewe haijakauka vizuri, imemchafua mkono. Baba yake ameegemea baiskeli, hasemi. Kuna hoteli ndogo pembeni, redio imewekwa dirishani ikiangalia nje, na wimbo ndio huo. Aliniambia hata mwanafunzi mmoja mkubwa aliyemwonya asilalie sanduku lake ndani ya behewa, kwani mguu utakufa ganzi. Sikuwa nimemuuliza lolote kati ya hayo.

Wimbo wa Super Volcano, bendi ambayo Mbaraka aliianzisha mwaka 1973 alipoondoka Morogoro Jazz, ulimpeleka bwenini. Walikuwa na redio moja ya mwenzao, na betri zilipochoka walizianika juani mchana ili usiku zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu. Zikipoa tena, sauti ilififia polepole na wavulana wakamalizia wimbo kwa midomo yao. Alipofika hapo akaumalizia yeye, kwa ufunguo ule ule na kwa kasi ile ile, baada ya mimi kuwa nimeshazima.

Wimbo wa Tabora Jazz ulinifundisha zaidi. Alipousikia alikunja uso. "Hawa sikuwapenda," alisema, "hawa ni wale wenyeji wetu." Na papo hapo likafuata simulizi refu la ubishi wa bwenini kati ya wavulana wa Morogoro na wa Tabora kuhusu bendi ya nani ni bora, wa Tabora wakijivunia mtindo wao wa Segere Matata, na wa Morogoro wakimtaja Mbaraka aliyekwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Wimbo asioupenda ulimletea kumbukumbu tele. Kwa hiyo kupenda na kukumbuka ni mambo mawili, na hapo ndipo kaka alipokosea hesabu.

Maana nyimbo za ile kadi nyingi zilikuwa za DDC Mlimani Park, za Maquis, za Vijana Jazz, za kati ya mwaka 1980 na 1990. Nilipozipiga, mzee alizisifu kuliko zote. Alieleza namna tarumbeta zinavyoitikia uimbaji wa Bitchuka, namna mashairi yalivyopangika. Alisema waziwazi kwamba huo ndio muziki bora kuwahi kupigwa Tanzania. Lakini nilipouliza kama kuna kilichomjia, mara nyingi alitikisa kichwa. "Ni muziki mzuri tu." Isipokuwa mmoja uliopigwa siku ya harusi yake, huo ulikuwa na kila kitu, mpaka kiatu kilichombana.

Hii ilinikumbusha tafiti mbili ambazo watu hupenda kuzichanganya. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler waliwauliza Wamarekani 108 wa rika mbalimbali wazipime nyimbo 28 zilizotamba kati ya mwaka 1932 na 1986 kwa kigezo cha kupenda. Watu walipenda zaidi nyimbo zilizotamba walipokuwa na miaka 23 na nusu hivi. Kisha mwaka 2020 Kelly Jakubowski wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti mwingine: watu 470 wenye miaka 18 mpaka 82, nyimbo 111 zilizotamba kati ya 1950 na 2015, na safari hii kigezo kilikuwa ni kiasi gani wimbo unagusa kumbukumbu za maisha ya mtu. Kilele kikaangukia kwenye nyimbo zilizotamba msikilizaji akiwa na miaka 14 hivi. Tafiti hizo zilifanywa kwa watu tofauti na kwa njia tofauti, hivyo tusizilinganishe kwa rula. Lakini zikae mkononi halafu mtazame baba mkubwa: miaka 23 na nusu kwake ni 1981 au 1982, enzi za mwanzo za Mlimani Park iliyoanzishwa 1978. Miaka 14 kwake ni 1972, mwishoni mwa Mbaraka na Morogoro Jazz. "Nzuri, lakini si zangu" ilikuwa kauli sahihi kabisa ya mtu mwenye vilele viwili.

Kwa nini miaka hiyo ya ujana mdogo ishike namna hiyo? Wataalamu wa kumbukumbu wamejua tangu kazi ya David Rubin na wenzake ya mwaka 1986 kwamba ukimwomba mtu wa zaidi ya miaka 40 ataje matukio ya maisha yake, yanarundikana kwenye kipindi cha miaka 10 hadi 30 kama kilima kwenye mchoro. Muziki unafuata kilima hicho hicho, ila unakipanda mapema zaidi. Sababu zinazotajwa ni kadhaa na mimi nadhani kisa cha mzee kinaonyesha zinavyofanya kazi pamoja.

Iliyo dhahiri ni ya mambo ya mara ya kwanza. Kuondoka nyumbani mara ya kwanza, kulala bwenini mara ya kwanza, kushika mshahara mara ya kwanza. Jambo lisilo na mfano wake wa nyuma ubongo huliandika kwa kina, na wimbo uliokuwa hewani huandikwa pamoja nalo. Ushahidi mzuri kwa upande huu unatoka kwa wahamiaji. Robert Schrauf na Rubin, mwaka 1998, waliwachunguza wazee wazungumzaji wa Kihispania waliohamia Marekani. Wale waliohama wakiwa na miaka thelathini na kitu, kilima chao kilisogea kikakaa kwenye miaka ya kuhama. Kwa hiyo umri peke yake haufanyi kazi yote. Maisha kupinduka ndiko kunakochimba. Ndiyo maana wimbo wa harusi ya mwaka 1983 ulikuwa hai kwa mzee ilhali wenzake wa mwaka huo huo walikuwa kimya.

Ya pili ni nafsi. Mtu wa miaka 14 anajiuliza yeye ni nani, na muziki ni mahali anapoweza kujibu bila kuwa na mali wala cheo. Kijana wa Kilosa aliyetupwa Tabora hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa alikotoka, na alikotoka kulikuwa na Mbaraka. Kushabikia Morogoro Jazz kulikuwa namna ya kusema jina lake mbele ya watu wasiomjua. Na kwa kuwa nafsi ile aliyoijenga pale ndiyo anayotembea nayo hadi leo, kila anapojisimulia hupita tena kwenye nyimbo zile. Ubishi wa bwenini haukuwa wa muziki tu. Ndiyo maana hata wimbo wa wapinzani umo ndani.

Upande wa ubongo nitausema kwa ufupi, kwa sababu watu huupa uzito kuliko unavyostahili. Mwaka 2009 Janata aliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo akiwapigia nyimbo, akaona kwamba eneo la mbele katikati, nyuma ya paji la uso, linafanya kazi zaidi wimbo unapogusa maisha ya mtu, na eneo hilo hilo linafuatilia mwendo wa tuni yenyewe. Ni eneo linalohusika sana na mtu kujifikiria. Na watafiti wa Montreal wakiongozwa na Valorie Salimpoor walionyesha mwaka 2011 kwamba muziki unaomsisimua mtu humwaga dopamini kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na raha, tena humwagika hata kabla ya kipande kinachopendwa kufika, wakati wa kukitarajia. Mzee alinyanyua mkono kabla gitaa la solo halijaingia. Katika ujana mfumo huo wa raha una moto kuliko umri mwingine wowote, na inaelekea hilo huchangia. Lakini picha za ubongo haziwezi kukuambia kwa nini ni Super Volcano na si bendi nyingine. Hilo utalipata kwenye betri zilizoanikwa juani.

Ya tatu, na hii naiona imepuuzwa, ni namna wimbo ulivyotumika baada ya hapo. Nilimpigia mzee wimbo wa NUTA Jazz unaojulikana na kila Mtanzania wa rika lake. Aliuimba wote, neno kwa neno. Kumbukumbu? Hakuna. Nikadhani labda nimeukosea mwaka, lakini alikiri kwamba aliusikia akiwa shuleni. Tatizo ni kwamba ameendelea kuusikia: redioni, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye baa, kwenye mabasi. Kidokezo kilichofungwa kwenye mambo mengi hakivuti hata moja. Jambo hili wachunguzi wa kumbukumbu wamelijua tangu miaka ya 1970. Wimbo wa Super Volcano uliomfikisha bwenini ulikuwa haupigwi sana baadaye. Ulisikika mno kwa miaka miwili mitatu, kisha ukanyamaza kwa miaka mingi, na kwa hiyo umebaki umefungwa mahali pamoja. Ukitaka wimbo unaofungua mlango, tafuta uliowahi kutamba ukasahaulika. Zile zinazorudiwa kila Jumapili zimeshachuja.

Hali ya redio ya Tanzania Bara enzi hizo inalifanya jambo hili kuwa wazi kuliko nchi nyingi. Mpaka redio za binafsi zilipoingia miaka ya 1990, watu walisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi kwenye studio za redio hiyo, na redio ikazipiga. Televisheni Bara haikuwapo. Kijana wa Kilosa, wa Tabora na wa Mtwara walisikia wimbo ule ule jioni ile ile, na ukitoka hewani haukuwa na njia ya kuurudia ila kusubiri upigwe tena. Kusubiri huko kulifanya kila mara uwe tukio. Rika zima lina nyimbo za pamoja ambazo zina tarehe. Kijana wa sasa mwenye simu husikiliza anachotaka kwa mpangilio wake, na wimbo wa mwaka 1975 unaweza kuwa wa ujana wake sawa na wa juzi. Wajukuu wetu watakapozeeka, kuwatengenezea orodha kwa kuangalia mwaka tu hakutatosha.

Narudi kwa kaka, maana upande wake ulinigusa. Aliamini kwamba zile za miaka ya 1980 ndizo za baba. Alikuwa sahihi kwa alichokishuhudia: kaseti zilizokuwa zikipigwa sebuleni yeye akiwa na miaka minne, mitano, sita ndizo hizo. Nilipomuuliza yeye maswali yale yale matatu juu ya nyimbo za ile kadi, alikuwa na mengi kuliko baba yake. Redio kaseti iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Baba akirudi zamu ya mchana, akivua viatu mlangoni. Mama akimpunguzia sauti. Kadi aliyomjazia mzee ilikuwa kadi ya utoto wake mwenyewe.

Hali hii imechunguzwa. Carol Krumhansl na Justin Zupnick walitoa mwaka 2013 utafiti juu ya vijana wa Kimarekani wa miaka ishirini hivi waliosikilizishwa nyimbo zilizoongoza kuanzia 1955 mpaka 2009. Kama ilivyotarajiwa, kumbukumbu zilipanda kadiri nyimbo zilivyokaribia ujana wao. Lakini kulikuwa na kilima kingine mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na kingine kidogo miaka ya 1960, ambacho watafiti walikihusisha na mabibi na mababu. Muziki wa nyumbani hurithiwa. Baba mkubwa naye anao urithi huo: nilipopiga wimbo wa Cuban Marimba wa enzi za Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965 mzee akiwa na miaka saba tu, hakuwa na tukio lolote la kusimulia, ila sauti yake ilishuka akasema, "Huu wa mama." Nikamuuliza mama alikuwa akifanya nini. Hakujua. Alijua tu ni wa mama. Kumbukumbu za urithi huwa hivyo mara nyingi, zina joto bila kuwa na tarehe.

Kaka alipoelewa hivyo aliacha kununa. Tulichokifanya ni kuiacha kadi ile iwe yake, naye sasa anaisikiliza garini.

Kabla sijaeleza kadi mpya, lipo onyo moja ambalo kisa hiki kilinipa bayana. Wimbo ukiamsha kumbukumbu yenye rangi kali na hisia nzito, mtu huiamini kupita kiasi, na wanaomsikiliza huiamini zaidi. Katikati ya mazungumzo mzee alisimulia jioni moja ya kidato cha tatu, mwalimu wa zamu akiwaruhusu wakae dirishani kwake wasikilize Mlimani Park. Aliniambia mpaka shati alilovaa mwalimu. Lakini kidato cha tatu kwake ni mwaka 1975, na Mlimani Park ilianzishwa 1978, wakati yeye yuko kiwandani Dar es Salaam. Jioni ile huenda ilikuwapo, dirisha lilikuwapo, na huenda sauti aliyoisikia ilikuwa ya mwimbaji yule yule akiwa bendi nyingine, kwani Muhiddin Gurumo na wenzake walipita NUTA kabla ya kwenda Mlimani. Ubongo ukachukua sauti na kuibandika jina la baadaye. Nilipomwambia mwaka wa bendi, alinyamaza akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi walikuwa NUTA." Hakuwa amedanganya. Miaka ya kuanzishwa kwa bendi na ya wanamuziki kuhamahama inafaa sana kupima simulizi za namna hii, na kwa bahati nzuri wapenzi wa dansi huijua miaka hiyo kwa kichwa. Ukiona mtu amesimulia wimbo kabla haujakuwapo, usimtilie shaka akili. Mtilie shaka mwaka.

Kadi mpya tuliitengeneza hivi. Tulichukua mwaka wa kuzaliwa, tukaongeza 10 na kisha 19: kwa mzee ni 1968 mpaka 1977, na tukaweka uzito zaidi kati ya 1971 na 1976. Tuliuliza alikuwa wapi kila mwaka, kwa sababu bendi zilikuwa na miji yao, na mtu wa Kilosa aliyesoma Tabora ana nyimbo ambazo mtu wa Lindi wa rika lake hana. Tulitanguliza nyimbo zilizovuma kisha zikapotea. Tuliongeza chache za mapinduzi ya maisha yake nje ya umri huo, kama ile ya harusi. Nyimbo za miaka ya 1980 anazozisifu tuliziweka kwenye folda nyingine, kwa siku anapotaka muziki mzuri tu. Kwa kuwa haoni, tulitenganisha folda kwa sauti: kila moja inaanza na kaka akitaja miaka yake.

Upo wimbo mmoja wa Super Volcano tuliuondoa. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, nchi ikiwa katika vita vya Kagera, na mzee alipata habari hizo wiki ile ile aliposikia kwamba rafiki yake wa bwenini, mwenye ile redio ya betri, hakurudi kutoka mpakani. Wimbo uliokuwa ukipigwa redioni siku za maombolezo unamrudishia habari zote mbili kwa pamoja. Nilipoupiga barazani alilia, na sikuuzima haraka kama nilivyopaswa. Wanaopeleka muziki kwa wazee au wagonjwa waweke jambo hili mbele: mlango ule ule unaoruhusu kituo cha Kilosa kuingia unaruhusu na hili. Kaa naye mara ya kwanza kila wimbo unapopigwa, uangalie uso wake, na kama ni mgonjwa asiyeweza kusema, usimwachie redio ikijipigia yenyewe.

Sasa mama mkubwa naye anadai kadi yake. Alizaliwa 1963, kakulia Tanga, kwa hiyo nilishaanza kukusanya Jamhuri Jazz na Atomic za kati ya 1973 na 1982. Akanikatiza. "Nani alikuambia mimi niliruhusiwa dansi? Niulize taarabu za harusini, niulize Black Star na Lucky Star, na uniulize nilikwenda na nani." Hesabu ya miaka ilikuwa sawa na mji ulikuwa sawa, lakini binti wa nyumba ile alisikia mji wake kupitia ukumbi wa wanawake na redio ya jikoni. Nimeongeza swali hilo kwenye orodha yangu, na nimemwomba shemeji yake wa Chumbageni anitafutie rekodi za taarabu za miaka ile, za harusi alizohudhuria yeye.